Ujumbe wa Kwanza kwa Huduma kwa Wateja Mtandaoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara, kwa Mfano wa LUKU

Maswali haya yametoka kwa wanadarasa wa somo la jamii la kutumia simu, baada ya kipindi kifupi kuhusu namna ya kumwandikia mhudumu mtandaoni ili aelewe haraka. Tulichukua mfano mmoja tu, umeme wa LUKU, kwa sababu kila nyumba iliyokuwa na mtu darasani inaununua, na kwa sababu tatizo lake hupenda kutokea usiku, chakula kikiwa jikoni na watoto wana kazi ya shule. Mhudumu tunayemzungumzia ni mtu anayejibu ujumbe wa WhatsApp au wa ukurasa wa kampuni, awe wa TANESCO au wa mtandao wa simu uliotumia kulipia.

Nikiandika "Habari" mbona sijibiwi?

Unajibiwa, ila kwa kuchelewa, na jibu lenyewe ni "Karibu, tukusaidie nini?" Mhudumu mmoja huwa na mazungumzo mengi yaliyo wazi kwa pamoja. Salamu yako peke yake inapanga foleni, inafikiwa, inajibiwa, kisha mhudumu anahamia kwa mteja mwingine. Wewe umeshaweka simu pembeni. Ukirudi na kueleza shida, yeye ndiye hayupo. Katika mifumo mingi, mazungumzo yaliyokaa kimya kwa muda hufungwa, na ukiandika tena unahesabiwa kuwa mteja mpya mwishoni mwa foleni.

Hakuna anayewaambia watu waache kusalimia. Sisi tumelelewa hivyo, na mhudumu naye kalelewa hivyo hivyo. Ninachoomba ni salamu na shida vikae ndani ya ujumbe mmoja, kabla hujabonyeza kutuma:

> Habari za jioni. Nimelipia LUKU leo saa 19:20, fedha imekatwa, tokeni haijafika. Mita 12345678901.

Mama mmoja aliuliza kama si utovu wa adabu kumsemesha mtu asiyemjua bila shikamoo. Umri wa aliye upande wa pili huujui, anaweza kuwa mjukuu wako au mkubwa wako. "Habari za kazi" au "Salaam" inatosha na haimvunjii mtu heshima. Ukipenda kuandika shikamoo, iandike, ila usisubiri marahaba ndipo uendelee.

Mstari wa kwanza uwe na nini hasa?

Tatizo lenyewe, namba ya mita, na wakati lilipotokea. Kwenye skrini ya mhudumu mazungumzo yamepangwa kama orodha, na kabla hajafungua la mtu yeyote anaona maneno machache ya mwanzo tu. Ukianza na "Jamani mimi mteja wenu wa miaka mingi nimechoka", hicho ndicho anachokiona, na hakimwambii kama jambo ni la malipo, la mita au la nguzo iliyoanguka. Malalamiko yana haki yake na yaandike, ila yashuke chini, baada ya namba.

Kuhusu wakati, kuna jambo linalowapotosha wengi. Sisi tunasema saa moja na dakika ishirini usiku, lakini mfumo umeandika 19:20. Ukimwandikia mhudumu "saa 1:20" hajui atafute 01:20, 07:20 au 19:20. Nakili saa kama ilivyo kwenye ujumbe wa muamala, au weka neno: "saa 1:20 usiku, ndiyo 19:20".

Nikiandika "umeme hauingii" haitoshi?

Haitoshi, na ningependa tukae hapa zaidi ya kwingine kote, kwa sababu ndipo muda mwingi unapopotea. Maneno hayo mawili hubeba matatizo matatu tofauti, na kila moja lina mtu wake wa kulishughulikia.

La kwanza: umelipa, fedha imetoka, lakini tokeni haijafika kwenye simu. Hapa mita haina kosa lolote, kwa kuwa haijapewa kitu. Swali ni kama malipo yamefika TANESCO au yamekwama njiani. Anayeweza kuona mwanzo wa safari hiyo ni mtandao wa simu au benki uliyolipia. TANESCO wanaona mwisho wake. Kama kwa TANESCO muamala unaonekana na tokeni imetengenezwa, watakusomea au kukutumia upya. Kama hauonekani kabisa, utaambiwa urudi kwa mtandao wako. Si kwamba wanakukwepa: kwenye rekodi zao fedha hiyo haipo bado.

La pili: tokeni unayo, tarakimu 20 zote, lakini ukiingiza mita inakataa. Hili ni la TANESCO moja kwa moja, na kuuliza mtandao wa simu ni kupoteza usiku wako.

La tatu: tokeni imekubaliwa, yuniti zimeongezeka na unaziona kwenye mita, lakini taa haziwaki. Basi tatizo si la LUKU tena. Inaweza kuwa swichi kubwa ya nyumbani imeanguka, inaweza kuwa umeme umekatika eneo zima, inaweza kuwa waya wa kutoka nguzoni. Angalia kwanza kama jirani anao. Mhudumu wa mtandaoni hawezi kuurudisha umeme huu akiwa kwenye kiti chake. Kazi yake ni kuandika taarifa na kuipeleka kwa mafundi wa wilaya yako, na mafundi wanahitaji kujua mtaa, alama iliyo karibu, na namba ya nguzo kama inasomeka.

Ukianza ujumbe kwa kusema ni lipi kati ya haya matatu, mhudumu anajua afungue ukurasa upi. "Fedha imekatwa, tokeni haijafika." "Tokeni inakataliwa." "Yuniti zipo, umeme haupo." Chagua moja uitumie kama ilivyo.

Tokeni inakataliwa. Niandike mita inasemaje?

Ndiyo, neno kwa neno, hata kama hulielewi. Mita hazifanani maneno yake, zinatofautiana kwa kiwanda na kwa umri, lakini karibu zote zinatofautisha sababu za kukataa. Ikionekana `USED`, tokeni hiyo imeshaingizwa, pengine na kijana wa nyumbani ambaye hakukwambia. Linganisha yuniti zilizopo kabla hujaandika. Ikionekana `OLD`, mita inaiona tokeni hiyo kuwa ya zamani mno. Ikionekana `REJECT` au neno linalofanana, mara nyingi ni tarakimu iliyokosewa au tokeni iliyotengenezwa kwa mita nyingine. Ikitokea namba ya kosa badala ya neno, andika hiyo namba.

Ingiza tena mara moja kwa utulivu, ukimwomba mwenzako akusomee tarakimu nne nne. Usirudie mara kumi, maana baadhi ya mita hujifunga kwa muda zikiingiziwa namba nyingi za makosa, na hapo unakuwa na matatizo mawili.

Kwa wenye mita iliyo nguzoni na rimoti ndani, angalia kwanza betri za rimoti. Umeme ukiwa umeisha, rimoti inategemea betri hizo ili izungumze na mita. Betri zikiwa zimechoka inaonekana kama tokeni mbovu. Mwandikie mhudumu: "Natumia rimoti, betri nimebadilisha." Sentensi hiyo inaondoa swali moja.

Kuna mtu aliniambia mita yangu "haijaboreshwa". Ni nini, na nalitajaje?

Mita hizi za kulipia kabla hufuata utaratibu wa kimataifa uitwao STS. Kila tokeni imebeba alama ya muda, na muda huo ulihesabiwa kwa dakika kuanzia mwanzo wa mwaka 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo inatosha dakika 16,777,216, ambazo ni karibu miaka 32, na zilimalizika tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana mwaka ule kampuni za umeme za nchi nyingi, TANESCO ikiwemo, ziliwataka wateja waboreshe mita. Ukinunua ulipewa namba mbili za nyongeza, kila moja ya tarakimu 20, uingize ya kwanza, kisha ya pili, kisha ndiyo tokeni yenyewe ya umeme.

Nyumba nyingi zilimaliza hilo. Wanaolikuta hadi leo ni wale ambao nyumba ilifungwa muda mrefu, au chumba cha biashara kilikaa bila mpangaji, au mtu aliingiza namba ya tatu peke yake akaruka mbili za mwanzo. Kama unafikiri ndilo lako, mstari wa kwanza uwe: "Tokeni inakataliwa, nyumba ilikuwa imefungwa tangu 2023, sijui kama mita imeboreshwa." Mhudumu ataangalia rekodi ya mita hiyo na kukupa namba zinazotakiwa. Bila kutaja kwamba nyumba ilifungwa, atakuuliza mambo mengi ya kawaida kabla ya kufika huko.

Namba gani anazihitaji, na ninazipata wapi?

Namba ya mita, ambayo kwa wateja wengi wa LUKU ni tarakimu 11. Imeandikwa kwenye uso wa mita, na pia ipo kwenye ujumbe wa manunuzi ya zamani. Usiichanganye na tokeni, ambayo ni tarakimu 20. Watu hutuma tokeni wakiulizwa mita, na mhudumu hawezi kuitumia kumtafuta mteja kwa urahisi.

Ya pili ni kumbukumbu namba ya muamala, ile iliyo kwenye ujumbe wa mtandao wa simu uliothibitisha malipo. Kama hukupata ujumbe, fungua menyu ya huduma ya fedha uangalie taarifa ya miamala ya karibuni. Fedha isipoonekana kutoka pale, basi malipo hayajafanyika, na hakuna cha kumwandikia mtu.

Namba hizi zikopi kwenye ujumbe wenyewe na uzibandike. Usiandike kwa kukumbuka. Kumbukumbu namba mara nyingi huchanganya herufi na tarakimu, na sifuri hufanana sana na herufi O, moja na herufi I. Kosa la herufi moja linamfanya mhudumu akwambie kwa ukweli kabisa kwamba muamala wako haupo.

Naomba mfano mzima, tangu mwanzo hadi mwisho.

Chukua mama mwenye genge la chakula Tandika. Amelipa shilingi 10,000 kwa simu, fedha imetoka, tokeni haijaja, na friji ina samaki. Ameandika hivi:

> Habari
>
> Jamani umeme
>
> Nimelipa toka saa ile mpaka sasa hivi kimya samaki wangu wataharibika

Mhudumu atauliza namba ya mita. Mama atatuma picha ya mita yenye giza. Mhudumu ataomba aiandike. Ataiandika. Ataulizwa amelipa lini na kwa mtandao gani. Atajibu "jioni, kwa simu". Ataulizwa simu gani. Ataombwa kumbukumbu namba. Kila swali ni mzunguko mmoja wa foleni, na hapa kuna mizunguko mitano kabla ya mtu yeyote kuanza kutafuta chochote. Mama hana kosa, ana hofu ya mali yake. Lakini majibu yote matano alikuwa nayo mkononi tangu mwanzo.

Huu hapa ujumbe uleule ukiwa umekamilika. Namba zote ni za mfano:

> Habari za jioni. Fedha imekatwa, tokeni ya LUKU haijafika.
> Mita: 12345678901
> Kiasi: 10,000
> Nimelipa: leo, 19:20, kwa simu, mtandao wa (jina)
> Kumbukumbu namba: ABC1234567
> Nimeangalia taarifa ya miamala, fedha imetoka. Sijalipa mara ya pili.
> Naomba mnitumie tokeni, au mniambie kama muamala haujafika kwenu.
> Ni genge la chakula, nina samaki kwenye friji.

Tazama mistari ya mwisho. "Sijalipa mara ya pili" inamsaidia mhudumu sana, kwa kuwa wengi hulipa tena kwa wasiwasi, kisha tokeni mbili zinafika na wanadhani moja ni ya makosa. Mstari wa ombi unasema kitu mbadala: kama haujafika kwenu, niambieni. Hapo mhudumu hata asipoweza kutuma tokeni, jibu lake la kwanza tayari lina manufaa, kwa kuwa mama atajua aende kwa mtandao wa simu akiwa na ujumbe uleule, abadilishe salamu tu. Na samaki wametajwa. Wawepo, kwa sababu ni kweli na mhudumu ni mtu, ila wamekaa chini ya namba.

Uandike kwanza sehemu ya maandishi ya simu, uusome, ndipo uubandike na kuutuma mara moja. Ujumbe uliokatwa vipande saba huingia kama arifa saba, na mhudumu anaweza kuanza kujibu kipande cha pili wakati namba ipo kwenye cha sita.

Kwa nini nisitume sauti? Kuandika kunanichosha.

Sauti lazima isikilizwe yote, haiwezi kupitiwa kwa jicho, na namba ya tarakimu 11 iliyosemwa haraka inabidi irudiwe mara mbili tatu. Pia mhudumu akikukabidhi kwa mwenzake wa zamu, mwenzake lazima asikilize upya. Kama kuandika ni kugumu, mwombe mtu akuandikie namba tu, kisha maelezo mengine uyaseme kwa sauti fupi. Vyote viwili vikifika pamoja, inakubalika.

Picha ni nzuri kwa kitu kimoja: skrini ya mita inayoonyesha kosa. Ipige ukiwa umewasha tochi kwa pembeni, si usoni mwa mita, mwanga usirudi ukafuta maandishi. Namba bado ziandikwe, maana kwenye picha haziwezi kukopiwa kirahisi.

Yuniti ni chache kuliko mwezi uliopita. Nianzeje?

Anza na manunuzi mawili ya kulinganisha, tarehe na yuniti za kila moja, na makato yaliyoorodheshwa kwenye ujumbe wa tokeni. Ukisema "mmeniibia" mhudumu atakutumia maelezo ya jumla, kwa sababu hujampa kitu cha kukagua.

Kabla ya hapo soma makato mwenyewe. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Inakatwa kwenye manunuzi ya mwezi huo, na ukikaa miezi bila kununua inajilimbikiza. Kwa bei ya matumizi ya kawaida, shilingi 292 kwa yuniti kabla ya kodi na tozo, 10,000 imezoeleka kutoa kama yuniti 28. Ikikatwa 1,500 ya jengo kwanza, zinabaki karibu 24. Tofauti hiyo peke yake imeleta ujumbe mwingi wa hasira.

Sababu nyingine ni kundi la bei. Wateja wa matumizi madogo wamekuwa wakilipa shilingi 100 kwa yuniti hadi yuniti 75 kwa mwezi, na zinazozidi hapo zinatozwa 350. Ukinunua mara ya pili ndani ya mwezi huohuo ukiwa umeshavuka 75, yuniti zinakuwa chache ghafla. Ukiona si kodi wala si kuvuka kiwango, basi andika: "Naomba mnithibitishie mita hii ipo kundi gani la bei na lilibadilishwa lini." Swali hilo lina jibu moja kwenye rekodi, na mhudumu atalipata.

Nimelipia mita isiyo yangu.

Andika haraka, na mstari wa kwanza uwe na mita zote mbili: "Nimelipia kimakosa mita 12345678901 badala ya 10987654321, tokeni haijaingizwa." Tokeni hutengenezwa kwa mita moja tu, hivyo haitaingia kwenye yako hata ufanyeje. Kitu kinachoamua kama unaweza kusaidiwa ni kama aliyepokea ameshaitumia. Mpangaji aliyehama nyumba karibuni ndiye anayepatwa na hili mara nyingi, kwa kuwa simu bado imehifadhi namba ya kule. Jina la mwenye mita likionyeshwa kabla ya kuweka namba ya siri, lisome.

Naweza kuandika kwenye maoni ya ukurasa wao? Pale wanajibu haraka.

Pale hujibu haraka pia watu wasio wao. Ukiweka malalamiko hadharani na namba ya simu, ndani ya muda mfupi unaweza kufuatwa faragha na mtu mwenye jina na picha ya kampuni, akikuomba namba ya siri au tarakimu zilizotumwa kwenye simu yako ili "arudishe fedha". Mhudumu wa kweli anahitaji namba ya mita, kumbukumbu namba, kiasi na wakati. Hahitaji namba ya siri kwa jambo lolote, wala haombi umtumie fedha ya uthibitisho.

Kama ni lazima uandike hadharani, andika tatizo bila namba, kisha ufungue mwenyewe mazungumzo ya faragha kutoka kwenye ukurasa rasmi. Usikubali kufunguliwa na mtu mwingine.

Ni lini nisiandike kabisa?

Waya ukiwa chini, nguzo ikitoa cheche, au mtu amepigwa na umeme. Piga simu na uwazuie watu wasikaribie. Ujumbe unaweza kukaa kwenye foleni.

Kinachonijibu kwanza ni orodha ya namba, si mtu.

Chagua namba iliyo karibu na tatizo lako, hata kama hailingani kabisa, kwa kuwa ndiyo inayokupeleka kwa kundi la wahudumu husika. Ujumbe wako mrefu usiutume kwenye orodha hiyo, utarudishiwa orodha ileile. Uwe umeuhifadhi, na ukiona jina la mhudumu au sentensi ya kukukaribisha, uubandike.

Nimeandika vizuri na bado kimya. Nirudie?

Usitume "???" wala usifungue mazungumzo mapya kwa namba nyingine ya simu. Ukifungua mawili, wahudumu wawili wanashika jambo moja, na kila mmoja anaweza kudhani mwenzake amelimaliza. Rudi kwenye mazungumzo yaleyale, uandike kilichobadilika tu: "Saa 21:00 bado tokeni haijafika. Mtandao wa simu wamethibitisha malipo yalifika kwenu 19:21." Hiyo ni taarifa mpya, na inastahili kusomwa.

Ukipewa namba ya taarifa, ndiyo inayotangulia kila ujumbe unaofuata, kabla hata ya namba ya mita. Iandike pia kwenye karatasi, kwa kuwa simu nayo inaweza kuzima ukiwa huna umeme.

Ndugu zangu wapo Zanzibar na Kenya. Wafuate haya haya?

Mpangilio ni uleule, majina yanabadilika. Zanzibar umeme ni wa ZECO, na huduma yao ya kulipia kabla inaitwa TUKUZA, hivyo wasiandike LUKU wala wasiwaandikie TANESCO. Kenya ni Kenya Power. Wanaonunua kwa M-PESA hutumia namba ya malipo 888880, na namba ya mita ndiyo inayowekwa kama akaunti. Kumbukumbu namba yao ni ile namba ya muamala wa M-PESA, herufi na tarakimu jumla 10, inayoanza ujumbe wa uthibitisho. Waikopi pamoja na saa iliyo kwenye ujumbe huo, na waseme wazi ni tokeni haijafika, au tokeni imekataliwa, au stima imepotea mtaa mzima.